Overloki ya fundi wa Chikongola: hela itatimia mwezi gani?

Fundi mmoja wa nguo mwenye fremu maeneo ya Chikongola, Mtwara mjini, alimaliza Idd el-Fitri ya 2025 akiwa na pesa mkononi na kinyongo moyoni. Pesa ni za magauni na kanzu alizoshona Ramadhani nzima. Kinyongo ni kwa sababu hana overloki, ile cherehani inayokata na kuziba kingo za kitambaa zisichanike nyuzi. Kila nguo ilibidi aipeleke kwa fundi mwenzake mwenye mashine hiyo, alipie, halafu akae foleni pamoja na mafundi wengine wenye shida kama yake. Wiki ya mwisho ya mfungo foleni ile ilimla siku nzima nzima, na nguo ya Idd ikitoka Idd imeshapita mteja haitaki hata bure.

Akaamua kununua ya kwake. Duka moja la Dar es Salaam lilimwandikia bei: shilingi 1,150,000, mashine pamoja na meza na mota. Kwenye simu tayari alikuwa na 200,000 za Idd alizozitenga. Akajipangia kudunduliza 95,000 kila mwezi, aanzie Aprili 2025. Swali lake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa na mwisho unaojulikana: Ramadhani ya 2026 ilitarajiwa kuanza kati ya tarehe 18 na 19 Februari, kutegemea mwezi kuandama, na Idd iangukie 20 au 21 Machi. Je, hela itatimia kabla ya mfungo kuanza?

Mimi ni katibu wa kikoba anachocheza, ndiyo maana daftari liliishia mezani kwangu. Lilikuja na majibu mawili. Yeye alihesabu kwa vidole akapata Januari 2026. Mdogo wake, kijana anayeuza vifaa vya simu karibu na stendi, alihesabu kwa kalkuleta akapata Februari. Hela ni zile zile, kiwango ni kile kile, mwezi wa kuanzia ni ule ule.

Kumi ya nani?

Sehemu ya kwanza ya hesabu haikuwa na ubishi. Bei ukitoa akiba iliyopo inabaki 950,000. Gawanya kwa 95,000, unapata 10 kamili. Wote wawili waliandika 10, na wote wawili walikuwa sahihi. Walipoachana ni pale walipotaka kuigeuza ile 10 iwe mwezi wa kalenda.

Kijana alifanya hivi: Aprili ni mwezi wa nne, nne jumlisha kumi ni kumi na nne, toa kumi na mbili inabaki mbili. Mwezi wa pili, mwaka unaofuata. Fundi yeye alikunja vidole: Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Vidole vimekwisha.

Vidole ndivyo vilivyosema kweli. Ile 10 ni idadi ya mara atakazoweka pesa. Kijana aliichukua kama idadi ya miezi ya kusubiri kuanzia Aprili, na hivyo ni vitu viwili. Aprili yenyewe inabeba mara ya kwanza. Ukishaweka ya Aprili zimebaki tisa, na ni hizo tisa tu zinazokusogeza mbele kwenye kalenda. Kwa hiyo kanuni ni mwezi wa kuanzia, jumlisha idadi ya mara, toa moja: nne na kumi ni kumi na nne, toa moja ni kumi na tatu, toa kumi na mbili za mwaka, inabaki moja. Januari 2026.

Ukitaka kuhakikisha kanuni hii bila kumwamini mtu, ijaribu kwa hesabu ndogo usiyoweza kuikosea. Mtu anataka 95,000 tu na anaweka 95,000 mwezi wa nne. Anaweka mara moja. Lengo linatimia lini? Mwezi wa nne huo huo. Kwa njia ya kijana ingekuwa mwezi wa tano, yaani mtu ana hela yote mkononi halafu anaambiwa asubiri mwezi. Mara nyingi hesabu ya miezi ikinitatiza naipunguza hivi hadi ibaki moja, na kosa linajitoa lenyewe.

Kuna mtego mdogo hapo kwenye kutoa kumi na mbili. Ukianza mwezi wa tatu na mara kumi, tatu na kumi toa moja ni kumi na mbili, na hiyo ni Desemba ya mwaka ule ule. Usiitoe kumi na mbili hapo, utabaki na mwezi wa sifuri. Unatoa pale tu jibu linapozidi kumi na mbili, na kila unapotoa unaongeza mwaka mmoja.

Kijana hakukubali kirahisi, na hoja yake haikuwa ya kijinga. "Katibu," aliniambia, "miezi kumi ni miezi kumi. Aprili mosi mpaka Februari mosi, hesabu mwenyewe." Na kweli, Aprili mosi mpaka Februari mosi ni miezi kumi. Hapo ndipo nikamuuliza dada yake swali ambalo hakuna kati yao aliyelitaja: unaweka tarehe ngapi?

Tarehe ya kuweka

Fundi alikuwa hajafikiria. Alidhani ataweka mwisho wa mwezi, ikishaonekana kilichobaki. Basi tuliweka njia mbili sambamba.

Akiweka siku ya mwisho ya kila mwezi, ya kwanza ni 30 Aprili 2025 na ya kumi ni 31 Januari 2026. Februari mosi ya kijana ni kesho yake. Yaani kwa mtu wa mwisho wa mwezi, ule ubishi wote wa Januari au Februari ulikuwa ubishi wa siku moja, ingawa majina ya miezi yanaufanya uonekane wa mwezi mzima.

Akiweka tarehe 5, ya kwanza ni 5 Aprili 2025 na ya kumi ni 5 Januari 2026. Hapo jibu la kijana linachelewa karibu mwezi mzima, kwa sababu kutoka Aprili 5 mpaka Januari 5 ni miezi tisa tu. Mara kumi zina nafasi tisa katikati yake.

Kwa hiyo mtu akikuambia "nitatimiza Januari" bila kutaja tarehe, amekupa kipande cha kalenda chenye upana wa siku thelathini, na mtu mwenye jambo la kuwahi hawezi kukitumia. Na fundi alikuwa na jambo la kuwahi. Pesa ikitimia 31 Januari, mashine inaagizwa Dar es Salaam siku zinazofuata, inapakiwa kwenye basi, inafika Mtwara, inafungwa, inazoeleka. Muda upo kabla ya 18 Februari, lakini ni wiki mbili na ushee, na ni wakati wa mvua huku kusini. Barabara ya Lindi kwenda Dar tunaijua. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, ilikatika na mabasi yakalala njiani. Sikupenda mpango unaotegemea kila kitu kiende sawa mwezi wa pili.

Pesa ikitimia 5 Januari ana wiki sita. Nikamshauri tarehe 5, na haikuwa kwa sababu ya kalenda tu. Idd ya 2025 ilikuwa 31 Machi, kwa hiyo tarehe 5 Aprili bado alikuwa na pesa ya kazi za Idd mkononi. Akisubiri mpaka 30 Aprili, ile ya kwanza ingetoka kwenye mwezi mkavu baada ya sikukuu, ambao kila fundi anaujua.

Walioniona nikitetea mwanzo wa mwezi watauliza kodi ya fremu. Fundi huyu analipa kwa miezi sita sita, kwa hiyo tarehe 5 haikugombana na mwenye nyumba. Anayelipa kila mwezi tarehe za mwanzo afikirie tofauti, pengine tarehe 15.

Shilingi moja inayohamisha mwezi

Hesabu ikitoka 10 kamili watu hufurahi. Mimi huingiwa na wasiwasi. Kumi kamili maana yake hakuna hata shilingi ya ziada: 950,000 inayotakiwa, 950,000 itakayowekwa. Lengo likiongezeka kwa shilingi moja tu, mara kumi hazitoshi, na kwa kuwa anaweka mara moja kwa mwezi, shilingi hiyo moja inasubiri mpaka mwezi unaofuata.

Nikamuuliza gharama ambazo hazikuandikwa dukani. Kutoa pesa yote kwenye simu kuna makato. Mzigo wa basi kutoka Dar una nauli yake, na stendi ya Mtwara kuna wa kuubeba mpaka Chikongola. Tukakadiria kwa pamoja 45,000. Lengo sasa ni 1,195,000, na anachotakiwa kuongeza juu ya akiba yake ni 995,000.

Gawanya kwa 95,000: kumi na nukta arobaini na saba. Hapa kuna anayesema "kumi na nusu, basi katikati ya mwezi". Hakuna katikati ya mwezi. Haweki nusu tarehe 20; anaweka tarehe 5, na tarehe 5 ya kumi bado amepungukiwa 45,000. Sehemu yoyote inayobaki baada ya kugawanya, iwe kubwa au ndogo, inadai mara moja zaidi, kwa hiyo tunapandisha hadi 11 kila wakati. Wengi hukadiria kwa mazoea ya shuleni, chini ya nusu inashushwa, na hapo wanajitangazia mwezi ambao hela haijatimia. Nne na kumi na moja, toa moja, toa kumi na mbili, ni mbili. Tarehe 5 Februari 2026.

Kijana alitabasamu. Februari yake imepatikana. Nilimwambia imepatikana kwa njia nyingine, na kwamba lau tungetumia njia yake kwa hesabu hii mpya angepata Machi, sikukuu yenyewe.

Basi kuirudisha Januari kunahitaji nini? Hapa watu hubahatisha, wanaongeza kidogo wakitumaini. Ni rahisi kuigeuza hesabu. Ukitaka Januari 5, umeshajua una mara kumi. Gawanya 995,000 kwa kumi, unapata 99,500. Chochote chini ya hapo kinaangukia Februari au baadaye, na 99,500 na kuendelea ni Januari au kabla. Akachagua 100,000, ambayo inaacha akiba ya 5,000 mwishoni. Ongezeko la 5,000 kwa mwezi likamrudishia mwezi mzima.

Akauliza, vipi akijikaza zaidi, aweke 105,000? Nikamwonyesha: 995,000 kwa 105,000 ni tisa na nukta arobaini na nane, inapanda hadi kumi. Januari ile ile. Ili imalizike Desemba anahitaji mara tisa, na 995,000 kwa tisa ni karibu 110,556, tuseme 111,000. Kati ya 100,000 na 110,000 mwezi hausogei kabisa. Anachopata ni kuweka kidogo zaidi kila mwezi na kulipa kidogo mwezi wa mwisho. Ngazi iko hivyo: unapanda kidogo bila kuona kitu, halafu hatua moja ndogo inakupandisha mzima. Nilimshauri abaki kwenye 100,000, kwa sababu kiwango kinachomchosha mtu mwezi wa tatu hakimfikishi mwezi wa kumi.

Kwa anayetumia Excel kwenye kompyuta au simu, hesabu yote inakaa kwenye mstari mmoja:

```
=EDATE(DATE(2025,4,5), ROUNDUP((1195000-200000)/100000,0)-1)
```

Jibu ni 5 Januari 2026. Ukiona 46027 usishtuke, ni tarehe hiyo hiyo ambayo kisanduku hakijaambiwa kuionyesha kama tarehe. Badilisha muundo wa kisanduku. Ile `-1` ndiyo ubishi wa dada na mdogo wake, na `ROUNDUP` ndiyo kupandisha. Anayeweka siku ya mwisho wa mwezi asitumie `EDATE`, kwa sababu ukianzia 30 Aprili itakuletea 30 Januari badala ya 31. Atumie `EOMONTH`, inayotua siku ya mwisho ya mwezi popote ulipo:

```
=EOMONTH(DATE(2025,4,1), ROUNDUP((1195000-200000)/100000,0)-1)
```

Na kwa nini pesa hii haikukaa kwenye kikoba chetu? Kwa sababu kikoba chetu kinavunjwa Juni. Hisa zake hata zikitimia milioni Januari, hawezi kuzigusa mpaka siku ya kugawana. Hesabu ya lini pesa inatimia haina maana kama mahali ilipo pana tarehe yake ya kufunguka. Fundi aliendelea kununua hisa zake za kawaida, na ya overloki akaiweka pembeni kwenye simu.

Agosti

Aprili, Mei, Juni na Julai zilikwenda. Tarehe 5 Julai alikuwa na 600,000. Agosti mtoto aliugua, kazi ikasimama wiki nzima, na tarehe 5 aliweka 40,000 tu. Salio 640,000.

Alikuja akiwa ameshakata tamaa ya Januari, na mdogo wake alikuja akiwa na matumaini. Kijana alishajifunza ile kutoa moja na alitaka kuitumia. Hoja yake: imebaki 555,000, kwa 100,000 ni tano na nukta hamsini na tano, inapanda sita. Agosti ni mwezi wa nane, nane na sita ni kumi na nne, toa moja, toa kumi na mbili, ni moja. Januari haijaguswa!

Ubaya ni kwamba ya Agosti imeshawekwa. Iko ndani ya zile 640,000. Ukianza hesabu upya kwa salio la leo, mwezi wa kuanzia ni ule wa kuweka tena, na huo ni Septemba. Tisa na sita ni kumi na tano, toa moja, toa kumi na mbili, ni mbili. Tarehe 5 Februari. Kosa hili ni ndugu wa lile la kwanza, ila linakwenda upande wa pili: la kwanza lilimchelewesha mtu, hili linamwahisha kwa mwezi ambao hela haipo. Na ni baya zaidi, kwa sababu anayedhani amechelewa hufika mapema akafurahi, lakini anayedhani amewahi huagiza mashine ambayo hawezi kuilipia.

Njia ya kujikagua ni kuandika salio chini mwezi kwa mwezi, bila kanuni yoyote. Septemba 740,000. Oktoba 840,000. Novemba 940,000. Desemba 1,040,000. Januari 1,140,000. Inapungua 55,000. Orodha kama hiyo haidanganyi, na kwa malengo ya mwaka mmoja haichukui dakika tano. Kanuni ni ya haraka, orodha ni ya ushahidi.

Angalia pia ukubwa wa pengo. Agosti alipunguza 60,000, mpango wetu ulikuwa na ziada ya 5,000, na tofauti ya hizo mbili ni 55,000. Ziada ya 5,000 ingemvumilia mtu aliyepunguza 5,000. Nyingine yoyote, hata ya 6,000, ingemhamisha mwezi mzima, sawa kabisa na mtu aliyeruka 60,000. Kwa hiyo mtu akishapungukiwa, swali la kujiuliza ni kama amevuka ziada yake. Kiasi alichopungukiwa kinakuja na faida moja: kinamwambia atafute kiasi gani.

Na alitakiwa kutafuta 55,000 popote kabla ya 5 Januari. Wengi hudhani pesa ya ziada inasaidia zaidi ikiwahi. Kwa akiba isiyozaa faida, haina tofauti. 55,000 ikiingia Septemba au ikiingia Desemba, tarehe 5 Januari salio ni lile lile. Hilo lilimpa nafasi ya kutulia badala ya kukopa Septemba ili kufidia Agosti, jambo ambalo alikuwa ameshaanza kulizungumza.

Nafasi hiyo ina jina kwa huku kwetu: korosho. Minada huanza Oktoba, malipo ya wakulima hupita vyama vya msingi, na ikishaingia pesa ya Newala, Tandahimba na Masasi, mjini kila mtu anaisikia. Harusi zinapangwa, watu wananunua vitenge kwa mafungu, na mafundi wanapata sare za familia nzima kwa mkupuo. Fundi wetu hakuwa na shamba la korosho, lakini wateja wake wanayo.

Niliweka onyo moja. Ziada isiyofika 55,000 haibadilishi mwezi. Akiweka 50,000 ya ziada Novemba na kuendelea na 100,000 yake, Januari atakuwa na 1,190,000, na atakuwa amepungukiwa 5,000 kwa ajili ya Januari. Atabaki Februari kama vile hakuongeza kitu, ingawa mwezi huo wa mwisho atalipa kidogo sana. Basi ama aifikishe 55,000, ama ajue kuwa 5,000 ile lazima aipate mahali pengine.

Novemba alipata kazi ya sare za harusi, akaweka 100,000 yake na 60,000 juu. Salio likawa 1,000,000. Desemba 1,100,000.

Katikati ya Desemba nilimwomba apige simu dukani, kwa sababu bei aliyoandikiwa ilikuwa ya Aprili. Hapo hesabu yetu yote ilikuwa na udhaifu mmoja ambao kanuni haiuoni: tulichukulia lengo limesimama. Bei ikipanda kwa zaidi ya ziada aliyonayo, tarehe inaruka mwezi, haijalishi ameweka kwa uaminifu kiasi gani. Ziada ilikuwa 5,000, maana Januari akiweka 100,000 kamili atakuwa na 1,200,000 dhidi ya 1,195,000. Duka likasema bei ni ile ile. Nauli ya mzigo ndiyo ilikuwa imepanda, kwa 3,000.

Tarehe 5 Januari 2026 aliweka 100,000 yake. Duka likalipwa, mzigo ukalipiwa, makato yakakatwa, na kwenye simu zikabaki 2,000. Mashine ilipofika alikuwa na zaidi ya mwezi mzima mbele yake kabla ya mfungo, na wiki ya pili tayari mafundi wawili wa jirani walikuwa wanampelekea nguo zao kuziba kingo, kwa malipo.

Mdogo wake sasa anadunduliza 75,000 kwa mwezi kwa ajili ya kabati la kioo la duka lake, 600,000, bila akiba ya kuanzia, ya kwanza tarehe 5 Februari. Ameandika kwenye ukuta: mara nane, 5 Septemba 2026. Mbili na nane ni kumi, toa moja ni tisa. Kabati hilo lina gharama ya kulisafirisha ambayo hajaiweka.